Kutoka megahezi 8 hadi 11.2896: njia tatu za kuzidisha mapigo kwa PLL, na ipi ya kuchagua

Kifaa nilichokiunda mwenyewe cha kupokea muziki kutoka kompyuta kilikuwa kinacheza vizuri, ila karibu kila baada ya dakika moja kilitoa mlio mfupi: tak. Nilibadilisha nyaya. Nikabadilisha chanzo cha umeme. Nikakagua kila mahali nilipochomelea. Kosa halikuwa huko kote. Lilikuwa kwenye namba moja niliyoiandika ndani ya rejista: 271. Namba niliyoihitaji hasa ilikuwa 270.9504, na chipu ile haikuwa na mahali pa kuandika kilichoko nyuma ya nukta.

Nitaitumia kesi hiyo hiyo kuonyesha jinsi PLL, yaani kitanzi kinachofunga awamu ya mapigo, inavyozidisha masafa ya mapigo, kisha nilinganishe njia tatu za kuipanga, kwa sababu mtu anayeanza hukutana na swali la kuchagua mapema kuliko anavyodhani.

Tunachokitafuta

Muziki wa kawaida wa diski una sampuli 44,100 kwa sekunde. Chipu nyingi za kugeuza namba kuwa sauti hutaka mapigo 256 kwa kila sampuli, kwa hiyo zinahitaji 44,100 × 256, yaani mapigo 11,289,600 kwa sekunde. Hiyo ni megahezi 11.2896. Kwenye ubao kuna kristali moja tu, nayo inapiga megahezi 8. Ukigawanya moja kwa nyingine unapata 1.4112. Tunataka kuzidisha mapigo ya kristali kwa 1.4112.

Kugawanya mapigo ni kazi rahisi: unaweka kihesabio, kila yanapotimia mapigo kumi unatoa pigo moja. Kuzidisha hakuna njia ya mkato ya namna hiyo, maana mapigo ambayo hayapo huwezi kuyahesabu. Ndipo PLL inapoingia. Ndani yake hakuna sehemu yoyote inayozidisha. Kuna sehemu inayogawanya tu, na kuzidisha kunatokea kwa kugawanya upande ule mwingine.

Fikiria mtoto anatembea sambamba na mtu mzima. Kwa kila hatua moja ya mtu mzima, mtoto anapiga hatua tatu. Mtoto hajui hesabu ya kuzidisha. Anachofanya ni kuhesabu hatua zake, na kila inapofika ya tatu anatazama: mguu wa mkubwa umeshakanyaga? Kama umeshakanyaga, yeye amechelewa, anakaza mwendo. Kama bado, amewahi, anapunguza. Akiendelea hivyo, miguu yao itakutana kila mara, na mwendo wa mtoto utakuwa mara tatu kamili ya ule wa mkubwa. Hiyo ndiyo PLL nzima. Kilichobaki ni kuona kila kazi inafanywa na nani ndani ya chipu.

Mzunguko mmoja, hatua kwa hatua

Mtoto wetu ni oseleta inayoongozwa na volteji. Ukiiongezea volteji inapiga haraka zaidi, ukiipunguzia inapunguza. Tuseme kila volti moja inabadilisha mwendo wake kwa megahezi 100. Kwenye kesi yangu ilitakiwa ipige megahezi 271, halafu nje ya kitanzi mapigo hayo yagawanywe kwa 24 ili yafike kwenye chipu ya sauti.

Mapigo ya kristali kwanza yaligawanywa kwa 8, yakawa megahezi 1. Haya tuyaite mapigo rejea: pigo moja kila nanosekunde 1,000. Mapigo ya oseleta nayo hupita kwenye kigawanyi cha 271, na pato la kigawanyi hicho ndilo linalolinganishwa na rejea.

Sasa washa umeme. Oseleta imeanzia mahali pasipo sahihi, tuseme megahezi 250. Ukigawanya kwa 271, pigo linatoka kila nanosekunde 1,084. Kama mapigo yote mawili yalianza pamoja, pigo la kwanza la oseleta linafika nanosekunde 84 baada ya rejea. Kilinganishi cha awamu ndicho kinachoona ucheleweshaji huo. (Awamu ni mahali pigo lilipofika ndani ya mzunguko wake, mapigo mawili yenye mwendo sawa yanaweza bado kutofautiana awamu, kama watu wawili wanaokimbia kasi moja lakini mmoja yuko mbele.) Kwa muda huo wa nanosekunde 84, kilinganishi kinafungua pampu ya chaji, ambayo inasukuma mkondo mdogo, tuseme mikroampea 100, kuingia kwenye kapasita ya nanofaradi 1. Mkondo huo kwa muda huo ni chaji ya pikokulombu 8.4, na volteji ya kapasita inapanda milivolti 8.4. Oseleta inaongeza mwendo kwa megahezi 0.84.

Sasa tuko kwenye 250.84. Pigo linalofuata lina urefu wa nanosekunde 1,080.4, lakini deni la mwanzo halijalipwa. Ucheleweshaji wa jumla umefika karibu nanosekunde 164, pampu inakaa wazi kwa muda huo wote, na oseleta inapanda megahezi 1.64 nyingine. Baada ya hapo tunakuwa karibu na 252.5, kisha karibu na 254.9. Kila msukumo ni mkubwa kuliko uliotangulia.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi ya mwanzo huliruka. Oseleta itakapofika 271 kamili, je, itasimama? Haitasimama. Mwendo wake utakuwa sahihi, lakini deni la awamu lililokusanyika njiani bado lipo, na pampu bado inasukuma. Itapita 271, iende juu, ianze kuwahi badala ya kuchelewa, irudishwe chini, ipite tena. Kwa kapasita peke yake kitanzi kitabembea juu na chini bila kutulia. Kwa vipimo hivi kitabembea mara elfu 30 hivi kwa sekunde. Tiba ni rezista moja iliyounganishwa kwa mfuatano na kapasita hiyo. Wakati pampu inasukuma, rezista inaongeza volteji ya papo hapo ambayo hutoweka pampu inapofunga. Kwa hiyo oseleta inapata msukumo wa muda wa kulipa deni la awamu bila kubadilisha sana mwendo wake wa kudumu. Kwa mfano wetu rezista ya kiloomu 7 hivi inatosha kuutuliza mbembeo. Kapasita ya pili, ndogo, huwekwa sambamba ili kulainisha mruko unaotokana na rezista.

Hali ikitulia, mapigo mawili yanagongana pamoja kila nanosekunde 1,000, na wahandisi husema kitanzi kimekamata. Mwendo wa oseleta ni rejea mara 271, kwa sababu hakuna mwendo mwingine ambao ukigawanywa kwa 271 ungelingana na rejea kwa muda mrefu.

Weka akilini sheria moja kutoka hapa, maana maamuzi yote yanayofuata yanaitegemea. Kilinganishi kinaona kosa mara moja tu kwa kila pigo la rejea. Kati ya mapigo hayo, oseleta iko peke yake. Ndiyo maana upana wa kitanzi, yaani kasi ya juu kabisa ambayo kinaweza kufuatilia mabadiliko, kwa kawaida haupangwi kuzidi sehemu ya kumi ya masafa ya rejea. Ukizidisha hapo, kitanzi kinarekebisha kwa habari zilizopitwa na wakati na huanza kuyumba.

Njia ya kwanza: rejea ndogo, jibu kamili

Uwiano wetu wa 1.4112 unaweza kuandikwa bila kupoteza chochote kama 882/625. Kwa hiyo kuna njia iliyonyooka: gawanya kristali kwa 625, upate kilohezi 12.8, kisha zidisha kwa 882. Matokeo ni 11,289,600 kamili. Kwenye karatasi hakuna njia nzuri kuliko hii, na wengi wanaoanza huipenda kwa sababu kosa lake ni sifuri.

Tatizo ni hiyo rejea ya kilohezi 12.8. Pigo moja linakuja kila mikrosekunde 78. Upana wa kitanzi haupaswi kuzidi takriban kilohezi 1.3, na kila mtetereko wa oseleta ulio wa haraka kuliko hapo unapita bila kurekebishwa. Oseleta zilizo ndani ya chipu za kawaida zina mitetereko mingi sana kwenye eneo hilo, kwa hiyo kitanzi kinaacha kazi kubwa bila kufanywa. Kukamata nako kunachukua milisekunde kadhaa badala ya mamia ya mikrosekunde.

Halafu kuna kelele za kilinganishi chenyewe. Kila kosa dogo la awamu kwenye kilinganishi hutokea kwenye pato likiwa limekuzwa kwa uwiano kati ya pato na rejea, hapa 882. Kwa desibeli ni karibu 59. Ukilinganisha na rejea ya megahezi 1, ambako uwiano ni kama 11.3 na ukuzaji desibeli 21, tofauti ni desibeli 38. Si zote zinapotea, kwa sababu kilinganishi kinachofanya kazi mara chache pia hupiga kelele mara chache. Kwa kanuni inayotumika sana, kila ukipunguza rejea kwa nusu huku pato likibaki lile lile, unapoteza desibeli 3. Kutoka megahezi 1 hadi kilohezi 12.8 ni kupunguza kwa nusu zaidi ya mara sita, kwa hiyo hasara inayobaki ni karibu desibeli 19.

Kwa sauti kuna ubaya mwingine, na kwangu mimi huu peke yake unatosha kuikataa njia hii. Pampu ya chaji haiwi kamilifu. Kila pigo la rejea huacha alama ndogo kwenye volteji ya oseleta. Alama hiyo inajirudia mara 12,800 kwa sekunde, na kwenye kichanganuzi cha masafa inaonekana kama miiba miwili, mmoja kila upande wa pato, kilohezi 12.8 kutoka katikati. Sikio la binadamu linasikia hadi karibu kilohezi 20. Miiba hiyo inaangukia ndani kabisa ya eneo tunalosikia, na chujio haliwezi kuiondoa bila kubana kitanzi zaidi.

Kwenye chipu kama STM32F407 swali hili halifiki hata mezani, maana kilinganishi chake kinataka rejea kati ya megahezi 1 na 2.

Njia ya pili: namba kamili iliyo karibu

Hii ndiyo niliyoitumia. Rejea ni kubwa, kitanzi ni chepesi, miiba ya rejea iko megahezi 1 kutoka katikati ambako chujio linaimudu na sikio halifiki. Gharama yake ni kwamba unakubali kukosea kidogo.

Megahezi 271 ukigawanya kwa 24 ni 11.29167. Kwa sampuli ni 44,108.07 kwa sekunde badala ya 44,100, kosa la sehemu 183 kwa milioni. Hakuna sikio litakaloligundua kwenye muziki: upandaji wa sauti ni chini ya theluthi moja ya senti, na senti ni sehemu ya mia ya nusutoni. Kwa mtu anayecheza faili kutoka kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa hicho hicho, njia hii inatosha kabisa, na sioni sababu ya kuhangaika zaidi.

Lakini kifaa changu hakikuwa kinasoma kadi. Kilikuwa kinaletewa sampuli na kompyuta, na kompyuta ilifuata saa yake yenyewe: 44,100 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nazila 44,108. Sampuli nane zaidi ya zinazoingia, kila sekunde. Bafa yangu ilikuwa na akiba ya sampuli 441, na 441 ukigawanya kwa 8 hivi ni sekunde 55. Akiba ikiisha, chipu ya sauti inakosa cha kucheza, nayo inatoa tak. Ukiona kosa linalojirudia kwa vipindi vinavyofanana namna hii, usianze na nyaya kama nilivyofanya. Gawanya ukubwa wa bafa kwa kipindi hicho: utapata tofauti ya sampuli kwa sekunde, na tofauti hiyo itakuambia makosa ya mapigo ni kiasi gani kabla hujagusa kifaa cha kupimia.

Kabla ya kuitupa njia ya pili, lakini, kuna hatua ambayo sikuifanya mwanzoni na ninaisisitiza kwa kila mtu. Namba 271 na 24 nilizinakili tu kutoka kwenye jedwali ambalo tayari lilikuwa limeshachagua rejea ya megahezi 1. Hakuna anayekulazimisha kugawanya kristali kwa 8. Ukigawanya kwa 5, 6 au 7, rejea bado iko kati ya megahezi 1 na 2, na orodha nzima ya namba kamili inabadilika. Programu fupi hii inapitia zote, kwa kufuata mipaka ya STM32F407. M inagawanya kristali, N ni kigawanyi cha kitanzi, R na K zinagawanya mapigo ya oseleta nje ya kitanzi:

```python
lengo = 11.2896
bora = []
for M in range(4, 9):
    for N in range(50, 433):
        vco = 8 / M * N
        if not 100 <= vco <= 432:
            continue
        for R in range(2, 8):
            if vco / R > 192:
                continue
            for K in range(4, 64):
                f = vco / R / K
                kosa = abs(f / lengo - 1) * 1e6
                bora.append((kosa, M, N, R, K))
print(min(bora))
```

Jibu ni M=7, N=326, R=3, K=11. Kwenye rejista, K ya 11 huandikwa `I2SDIV` = 5 na `ODD` = 1, yaani 2 × 5 + 1. Oseleta inapiga karibu megahezi 372.57, na pato ni 11.29004. Kosa limeshuka kutoka sehemu 183 hadi 39 kwa milioni bila kubadilisha hata kipande kimoja cha ubao. Kristali za bei nafuu zenyewe huuzwa zikiwa na kosa linaloruhusiwa la sehemu 20 hadi 50 kwa milioni, kwa hiyo sasa kosa la PLL limefika usawa wa kosa la kristali. Kwenye chipu hiyo M inashirikiwa na PLL kuu, na hapo ndipo watu huogopa kuigusa. Ukiweka M=7, PLL kuu nayo ipe N=294: megahezi 8 kwa 7, mara 294, ni 336 kamili, ambayo kwa 2 inatoa 168 ya kichakataji na kwa 7 inatoa 48 ya USB. Hakuna kinachovunjika.

Mlio wangu haukuisha, lakini ulihama kutoka dakika moja hadi zaidi ya dakika nne.

Njia ya tatu: kugawanya kwa sehemu

Kigawanyi hakiwezi kuhesabu mapigo 33 na sehemu. Kinaweza kuhesabu 33, au 34. Wazo la njia ya tatu ni kubadilisha kati ya hizo mbili mara kwa mara hadi wastani uwe ule unaoutaka.

Tuchukue rejea ya megahezi 8 nzima, bila kuigawanya. Tunataka oseleta ipige 270.9504 ili mgawanyo wa 24 utupe 11.2896, kwa hiyo mgawanyo wa kitanzi ni 33.8688. Kwenye familia ya STM32H7 sehemu hiyo huandikwa kwenye `FRACN`, rejista ya biti 13, yaani sehemu za 8,192. Namba iliyo karibu na 0.8688 ni 7,117 juu ya 8,192. Maana yake ni kwamba katika kila raundi 8,192 za kigawanyi, mara 7,117 kinahesabu mapigo 34 na mara 1,075 kinahesabu 33. Kosa linalobaki halifiki hata sehemu moja kwa milioni, ni 0.76. Kosa la kristali linalifunika lote.

Ulichopata ni jibu karibu kamili kama la njia ya kwanza, na rejea kubwa kuliko ya njia ya pili. Uwiano wa pato na rejea ni 1.41 tu, kwa hiyo kelele za kilinganishi hukuzwa kwa desibeli 3 badala ya 21 au 59.

Gharama iko mahali pengine. Kitanzi hiki hakilingani kamwe kwenye pigo moja moja. Kinalingana kwa wastani. Kigawanyi kinapohesabu 34 pigo linafika kwa kuchelewa kidogo, kinapohesabu 33 linawahi, na tofauti kati ya hizo mbili ni mzunguko mmoja wa oseleta, nanosekunde 3.7. Kilinganishi kinaliona kila kosa na kusukuma pampu. Kama 33 na 34 zinapishana kwa mpangilio unaojirudia, makosa hayo nayo yanajirudia, na yanatokea kwenye pato kama miiba. Kwa hiyo chipu za leo huchagua 33 au 34 kupitia saketi ya sigma-delta, ambayo huvuruga mpangilio na kuisukuma kelele iliyobaki kwenda masafa ya juu, mbali na katikati, ambako chujio la kitanzi linaikata. Hilo linadai kitanzi kiwe chembamba zaidi kuliko sehemu ya kumi niliyoitaja.

Hata sigma-delta haiondoi kila kitu, na hapa ndipo watu huumia bila kujua. Miiba iliyo sugu zaidi hukaa umbali sawa na ule uliopo kati ya oseleta na kizidishe kamili cha rejea kilicho karibu nayo. Kwa rejea ya megahezi 8 kizidishe hicho ni 272. Tuko megahezi 1.05 mbali nacho, na chujio linaua miiba hiyo bila shida. Sasa jaribu njia ya tatu kwa rejea ya megahezi 1, mgawanyo 270.9504. Kizidishe kilicho karibu ni 271, na umbali ni kilohezi 49.6 tu. Miiba imesogea hadi karibu na upana wa kitanzi, mahali ambapo chujio halina nguvu. Lengo ni lile lile, oseleta ni ile ile, lakini pato ni chafu zaidi, kwa sababu tu umegawanya kristali kwa 8 kwa mazoea. Ukitumia njia hii, piga hesabu ya umbali huo kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta sehemu yako iko karibu sana na sifuri au na moja, badilisha rejea au mgawanyo wa nje.

Zikiwekwa pamoja

| | Rejea ndogo, kamili | Namba kamili ya karibu | Kwa sehemu |
|---|---|---|---|
| Rejea | kHz 12.8 | MHz 1.143 (M=7) | MHz 8 |
| Kosa (kwa milioni) | 0 | 39 | 0.76 |
| Pato kwa rejea | 882 | 9.9 | 1.41 |
| Miiba ya kuhofia | kHz 12.8 | MHz 1.143 | MHz 1.05 |
| Kukamata | milisekunde kadhaa | mamia ya mikrosekunde au chini | mamia ya mikrosekunde au chini |

Jedwali linaipendelea njia ya tatu, lakini mimi huanza na ya pili. Endesha programu ile, tazama kosa lililobaki, uliweke kando ya kosa la kristali yako. Likiwa chini yake au sawa nalo, njia ya sehemu haitakupa usahihi ambao kristali yenyewe haina, na PLL ya namba kamili haina miiba ya kukokotoa wala sigma-delta ya kuilisha. Uwiano ukigawanyika vizuri, kama 8 hadi 168, hakuna mjadala kabisa. Njia ya kwanza ningeichukua tu pale ambapo uwiano kamili ni wa lazima, oseleta yenyewe ni tulivu sana, kwa mfano iliyojengwa kwa kristali inayovutika kidogo kwa volteji, na hakuna anayejali kusubiri kitanzi kikamate. Oseleta ya namna hiyo haihitaji kurekebishwa haraka, kwa hiyo kitanzi chembamba hakiiumizi.

Njia ya tatu ina faida moja ambayo jedwali halionyeshi, nayo ndiyo iliyonihamisha mwishowe. Hata kosa la PLL likiwa sifuri, kristali yangu na ile ya kompyuta hazitalingana. Tofauti ya sehemu 30 kwa milioni ni sampuli 1.3 kwa sekunde, na bafa ya sampuli 441 ingedumu chini ya dakika sita. Namba kamili haziwezi kutibu hilo, kwa sababu hatua ndogo kabisa, kutoka 326 hadi 327, ni sehemu elfu 3 kwa milioni. Lakini hatua moja ya `FRACN` kwa rejea ya megahezi 8 ni sehemu 3.6 tu kwa milioni, na STM32H7 inaruhusu kuibadilisha huku kitanzi kinaendelea kupiga: unazima biti ya `FRACEN`, unaandika namba mpya, unaiwasha tena.

Kwa hiyo sasa programu yangu inatazama bafa. Ikipungua chini ya nusu, inashusha `FRACN` kwa moja. Ikijaa kupita nusu, inapandisha. Nilipoiacha icheze usiku kucha na kuandika kila badiliko, ilianza na 7,117 niliyoikokotoa, ikapanda taratibu, kisha ikawa inarudi-rudi kati ya 7,119 na 7,120. Saa ya kompyuta ilikuwa inakwenda mbele ya kristali yangu kwa takriban sehemu nane kwa milioni, na bafa ilibaki nusu hadi asubuhi.